Jinsi ya kusoma CVD kwenye dhahabu: kutambua mwendo uliochoka kwenye chati ya dakika 5

Huku kwetu Mwanza, kila ukikutana na vijana wanaotredi, tisa kati ya kumi wako kwenye XAUUSD, yaani dhahabu dhidi ya dola. Haishangazi, Geita iko jirani na habari za bei ya dhahabu tunazisikia tangu utotoni. Na swali linalonifikia mara kwa mara ni moja, kuhusu CVD, kiashiria kinachojumlisha tofauti ya manunuzi na mauzo ya wenye haraka sokoni: "Kaka, bei imepanda kilele kipya, CVD haikupanda. Nimeuza. Bei imeendelea kupanda ikanitoa. Nimekosea wapi?"

Mara nyingi kosa liko sehemu mbili. Ama CVD aliyokuwa akiitazama si CVD ya kweli, ama daivajensi aliyoiona, yaani bei kupanda bila CVD kuifuata, haikuwa ya wanunuzi waliochoka. Ilikuwa ya wauzaji waliomezwa. Kwa macho zinafanana kabisa, ila moja inakuambia uza na nyingine inakuambia kaa kando. Mwongozo huu ni wa kuzitenganisha. Nitaongelea upande wa kilele tu, wewe ukitaka wa bonde geuza kila kitu.

Nadharia, kwa kifupi tu

Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi. Kuna mnunuzi anayefika na kulipa bei iliyotajwa palepale ili apakie dagaa aondoke, na kuna anayesema "ikifika bei fulani niite". Wote ni wanunuzi, ila wa kwanza ndiye anayesukuma bei. Kwenye soko, wa kwanza anatumia oda ya soko na wa pili oda ya kusubiri. Delta ni mikataba iliyonunuliwa kwa oda za soko, toa iliyouzwa kwa oda za soko. CVD ni jumla ya delta hizo tangu kikao kianze. Kwa hiyo CVD inakuonesha wenye haraka tu. Wanaosubiri haiwaoneshi, na mtego wote uko hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chati ya mkataba wa dhahabu wa COMEX, yaani GC, yenye data ya papo kwa papo. Data ya bure ya soko hili huchelewa dakika 10, na kwa chati ya dakika 5 hiyo haikufai kitu.
- Kiashiria cha CVD. Programu za kompyuta zinazopokea kila muamala na upande wake, kama Sierra Chart, ATAS au NinjaTrader, zinakupa delta halisi. TradingView inakupa makadirio, ambayo yanatumika ukijua mipaka yake.
- VWAP, yaani wastani wa bei uliopimwa kwa volume, kwenye chati hiyohiyo.
- Kalenda ya habari za uchumi za Marekani.
- Daftari na kalamu. Hesabu za hatua ya 5 ni fupi, lakini ukizifanya kichwani bei ikiwa inakimbia utazipindisha zikubaliane na unachotaka.
- Akaunti ya demo.

Oda yako unaweza kuipiga kwenye XAUUSD kwa broka wako wa kawaida. Kusoma ndiko kunakopaswa kufanyika kwenye GC. Sababu ni kwamba XAUUSD ya broka haina soko moja la kati. Ile "volume" unayoiona kwenye MT4 au MT5 ni idadi ya mara bei ilivyobadilika. Haikuambii dhahabu kiasi gani ilinunuliwa, wala nani alikuwa na haraka. CVD iliyojengwa juu ya namba hiyo ni bei yenyewe iliyovaa nguo nyingine.

Hatua ya 1: Hakiki kwamba delta yako ni ya kweli

Fungua chati ya dakika 1, weka delta ya kila mshumaa chini yake, tazama saa moja yenye shughuli. Tafuta mishumaa ya kijani iliyofunga juu huku delta yake ikiwa hasi, na myekundu yenye delta chanya. Kwenye delta halisi hali hiyo hujitokeza mara kwa mara. Usipoipata hata mara moja, kiashiria chako kinachukua volume yote ya mshumaa na kuipaka rangi ya mshumaa, basi.

Wanaotumia TradingView, angalieni hapa. Kiashiria chake hugawa kila mshumaa katika vipande vya taimfremu ndogo, kisha kila kipande kikifunga juu volume yake yote inahesabiwa ya kununua, kikifunga chini inahesabiwa ya kuuza. Kipande kikiwa cha dakika 1 na chati yako ni ya dakika 1, hakuna kilichogawanywa. Kwenye chati ya dakika 5 unapata vipande vitano tu kwa kila mshumaa. Kama mpango wako unaruhusu sekunde, fungua mipangilio uweke `1S`. Kama hauruhusu, usishuke chini ya chati ya dakika 5, na chukua namba zako kama makadirio.

Hatua ya 2: Weka mwanzo wa kuhesabu

Weka CVD ianze upya kila kikao. Siku ya COMEX huanza saa 12 jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa 7 usiku wakati Marekani wako kwenye saa zao za kiangazi, na saa 8 usiku wakiwa kwenye za baridi. Wao hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi, kwa hiyo ni juu yako kukumbuka.

Usilinganishe kilele cha jana na cha leo kwa CVD. Hesabu ilianzia sifuri katikati yao.

Hatua ya 3: Chagua saa na mahali

Mbinu hii inataka soko lenye watu. Mimi huitazama kuanzia saa 9:20 alasiri, COMEX inapochangamka, hadi saa 1 hivi usiku. Kipindi cha baridi cha Marekani sogeza saa moja mbele. Asubuhi yetu kabla London haijafungua, mikataba ni michache na CVD huyumba kwa oda ya mtu mmoja.

Mahali pia pana uzito. Chora mapema kilele cha jana, kilele cha kikao cha London, na kilele cha wiki kama kiko karibu. Daivajensi inayotokea katikati ya njia, mbali na mistari hiyo, iache ipite. Ukitaka daivajensi za dakika 5 bila kuchagua mahali utazipata siku nzima, na nyingi hazina maana yoyote.

Hatua ya 4: Tambua vilele viwili

Kwenye chati ya dakika 5 unahitaji kilele cha kwanza, bonde, kisha kilele cha pili kilicho juu ya cha kwanza. Kati ya vilele iwepo mishumaa 3 hadi 12 hivi. Vikikaribiana zaidi ya hapo unasoma mtikisiko, vikiachana mno wanaosukuma bei si walewale tena.

Unaposoma CVD ya kilele, usichukue tu ile ya mshumaa wenye bei ya juu. Tazama na mshumaa mmoja kabla na mmoja baada, uchukue CVD ya juu kabisa kati ya hiyo mitatu. Mara nyingi wenye haraka hufika dakika chache kabla ya bei kugusa kilele, na ukisoma mshumaa mmoja pekee utaona daivajensi ambayo haipo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mawimbi matatu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Wengi huchora mstari juu ya vilele viwili vya CVD, wakiona umeelekea chini wanauza. Mstari huo unakuambia CVD ilipungua. Haukuambii ilipungulia wapi.

Gawa mwendo katika mawimbi matatu: kupanda kwa kwanza, kurudi chini, kupanda kwa pili. Kwa kila wimbi andika bei ilisogea dola ngapi na CVD ilisogea mikataba mingapi, kisha gawanya:

```
mikataba kwa dola = mabadiliko ya CVD / mabadiliko ya bei
```

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezipanga ili hesabu ionekane vizuri. Bei inatoka 3,338.0 CVD ikiwa +1,080, inapanda hadi kilele cha kwanza 3,352.4, CVD +4,180. Inarudi hadi 3,347.0, CVD +3,300. Inapanda tena hadi kilele cha pili 3,354.1, CVD +3,520.

Kupanda kwa kwanza: dola 14.4 kwa mikataba 3,100, yaani kama 215 kwa kila dola.
Kurudi chini: dola 5.4 kwa mikataba 880, kama 163 kwa dola.
Kupanda kwa pili: dola 7.1 kwa mikataba 220, kama 31 kwa dola.

Soma kilichotokea. Mara ya kwanza wanunuzi walipigana kweli kupandisha bei. Wauzaji walipojaribu, walihitaji nguvu ndogo kuliko hiyo kuishusha, maana yake chini hapakuwa na mtu mwenye oda kubwa za kusubiri anayewazuia. Mara ya pili bei ilipanda dola 7 karibu bila mtu. Oda za kuuza zilizokuwa njiani zilikuwa chache, bei ikapita kirahisi, lakini wenye haraka hawakuifuata. Huo ndio mwendo uliochoka.

Sasa badilisha kitu kimoja. Kilele cha kwanza ni kilekile, 3,352.4 na CVD +4,180. Safari hii bei inarudi hadi 3,350.6 tu, ila CVD inaporomoka hadi +2,280. Kisha bei inapanda hadi 3,354.1, CVD +2,900. Ukichora mstari, daivajensi hii ni kubwa kuliko ya kwanza: +4,180 dhidi ya +2,900. Macho yanakuambia uza kwa nguvu zote.

Piga hesabu. Kurudi chini: mikataba 1,900 kwa dola 1.8, zaidi ya 1,000 kwa kila dola. Watu waliuza kwa haraka kiasi hicho na bei haikushuka hata dola 2. Kuna mnunuzi alikuwa amekaa na oda za kusubiri akizimeza zote. Kupanda kwa pili kulitumia mikataba 620 kwa dola 3.5, kama 177 kwa dola, karibu sawa na mara ya kwanza. Hapa hakuna aliyechoka. CVD ilipungua kwenye kurudi, kwa mauzo yaliyomezwa, na waliouza wako kwenye hasara wakisubiri kufunga kwa kununua. Kuuza hapa ni kujiunga nao.

Kipimo ninachotumia ni hiki: kupanda kwa pili kutumie chini ya nusu ya mikataba kwa dola iliyotumiwa na kupanda kwa kwanza, na kurudi chini kusizidi kupanda kwa kwanza. Yote mawili yatimie. Hii nusu si sheria ya soko, ni mstari niliouweka ili nisibishane na chati.

Tazama na volume ya jumla kwenye wimbi la pili. Ikiwa imepungua pamoja na delta, vizuri. Ikiwa volume ni kubwa ila delta iko karibu na sifuri, pande zote mbili zinapigana na matokeo bado. Achana nayo.

Hatua ya 6: Subiri bei ikubali

Hesabu ikitimia bado hujaingia. Subiri mshumaa wa dakika 5 ufunge chini ya kilele cha kwanza, delta yake ikiwa hasi. Kwenye mfano wetu, mshumaa unafunga 3,351.6 na delta −240. Sasa una vitu vitatu: wanunuzi hawakufuata, bei imeshindwa kukaa juu ya kilele cha zamani, na wauzaji wenye haraka wameanza kufika.

Usiingie mshumaa ukiwa bado haujafunga. Delta ya mshumaa unaoendelea hugeuka ndani ya sekunde.

Hatua ya 7: Hamishia kwenye XAUUSD

GC na XAUUSD hazina bei moja. GC huwa juu kwa kawaida, kwa sababu ni dhahabu ya kukabidhiwa baadaye, na pengo hupungua kadiri siku ya makabidhiano inavyokaribia. Kwa hiyo usinakili kiwango cha bei, nakili umbali.

Tuseme unaingia GC ikiwa 3,351.4 na XAUUSD ya broka wako ni 3,338.9. SL, yaani oda ya kukata hasara, kwenye GC ingekaa 3,354.9, senti 80 juu ya kilele, umbali wa dola 3.5. Ongeza spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ya broka, tuseme senti 30. SL yako kwenye XAUUSD ni dola 3.8 juu ya bei uliyouzia, yaani 3,342.7.

Loti 0.01 kwa mabroka wengi ni aunsi 1, kwa hiyo ukipigwa SL unapoteza dola 3.80. Ukijiwekea kikomo cha asilimia 1, unahitaji akaunti ya dola 380 au zaidi. Mwenye dola 100 hawezi kuichukua oda hii. Najua wengi wetu tunaanza na dola 50 au 100, na jawabu linalokuja haraka ni kusogeza SL karibu. Usifanye hivyo. SL iko juu ya kilele kwa sababu hapo ndipo wazo linapokufa. Ukiiweka dola 1 juu ya uliposhika, mtikisiko wa kawaida wa dhahabu utakutoa hata ukiwa sahihi. Tafuta broka mwenye akaunti ya senti, au baki demo.

Hatua ya 8: Kutoka

Lengo la kwanza ni bonde kati ya vilele, hapa 3,347.0, dola 4.4 kutoka ulipoingia. Lengo la pili ni VWAP. Kwa loti 0.01 huwezi kugawa, chagua moja kabla ya kuingia. Siku ambayo bei imekuwa juu ya VWAP tangu asubuhi, mimi hutoka bondeni bila kungoja zaidi, kwa kuwa mwendo mfupi kuchoka haimaanishi siku imegeuka.

Mishumaa mitatu ikipita bila bei kushuka huku delta ikiwa hasi, toka kwa mkono. Hizo ni dalili za mauzo kumezwa, ileile hali ya mfano wa pili, ila sasa wewe ndiye unayemezwa.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kutredi daivajensi wakati wa habari ni la kwanza. Takwimu kubwa za Marekani, kama ajira na mfumuko wa bei, hutoka saa 9:30 alasiri kwetu, au 10:30 jioni wakati wa baridi. Dakika chache kabla, wenye oda za kusubiri huziondoa, na bei husogea dola nyingi kwa mikataba michache. Hesabu ya hatua ya 5 itakuambia "imechoka" kila upande. Anza kuhesabu upya kwa kilele kilichotokea robo saa au zaidi baada ya habari.

La pili ni kurudia. Siku ya trendi kali, daivajensi inaweza kutokea mara nne mfululizo na bei ikazidi kupanda. Zikishindwa mbili za upande mmoja siku hiyo, funga upande huo hadi kesho.

Kama mambo hayaendi

*CVD imeruka ghafla au imekuwa bapa.* Angalia mkataba. Miezi yenye shughuli kwenye GC ni Februari, Aprili, Juni, Agosti na Desemba, na shughuli huhamia mkataba unaofuata mwishoni mwa mwezi unaotangulia mwezi wa mkataba unaoisha. Ukiwa kwenye `GC1!`, ile chati ya TradingView inayounganisha mikataba, wakati huo unaweza kuwa unatazama mkataba ambao watu wameshauhama. Fungua mkataba wenyewe wenye volume kubwa zaidi.

*CVD yangu na ya mwenzangu hazifanani.* Huenda mwanzo wa kuhesabu ni tofauti, au mmoja ana delta halisi na mwingine makadirio. Tofauti ya kimo haina shida, kwa sababu hesabu yetu inatumia mabadiliko ndani ya wimbi. Namba za mawimbi zikitofautiana sana, mwamini mwenye delta halisi.

*Umeme au bando limekatika katikati, chati imerudi na pengo.* Programu nyingine hujaza miamala iliyopotea, nyingine haijazi. Pakia chati upya, kisha linganisha volume ya mishumaa ya kipindi hicho na ya chanzo kingine. Ikiwa pungufu, CVD ya mawimbi yaliyogusa pengo haifai. Subiri vilele viwili vipya.

*Daivajensi inatimia, mshumaa wa kukubali hauji.* Basi hakuna oda. Bei ikitengeneza kilele cha tatu, kilele cha pili kinakuwa cha kwanza na unaanza tena kutoka hatua ya 4.